Sensa gani kwa tangi la maji moto lenye povu na mvuke?

Swali: Shikamoo mhandisi. Tuna tangi la maji ya kuoshea mitambo, kimo chake mita 3, limefunikwa ila lina bomba la kupumulia. Maji yana sabuni na yako nyuzi 80. Sensa ya ultrasoniki iliyo juu ya tangi mara inasoma kuwa tangi limejaa, mara inapoteza usomaji kabisa. Muuzaji anasema tubadilishe tuweke rada. Je, ni sahihi, au tuweke sensa ya shinikizo chini?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio moja. Maji yakiwa moto, zima pampu inayorudisha maji tangini na usubiri povu litulie. Usomaji ukitengemaa, mkosaji ni povu. Ukibaki vilevile, mkosaji ni mvuke na matone yake. Jibu la jaribio hilo ndilo litakalokuambia kama rada inafaa.

Nikisoma dalili zako, nadhani una matatizo yote mawili. Niliwahi kufungua sensa ya namna hiyo kwenye tangi la moto nikakuta uso wake umejaa matone mazito yanayoning'inia. Niliukausha kwa kitambaa, ikasoma vizuri dakika chache, kisha ikarudia yaleyale. Sensa hiyo hupiga sauti kwa uso unaotetemeka, kisha hunyamaza ili isikilize mwangwi. Tone likigandamana na uso huo, mtetemo huchelewa kufa, na sensa huudhani kuwa mwangwi wa kitu kilicho karibu sana. Ndiyo maana inakuambia tangi limejaa. Povu hufanya kinyume chake: huimeza sauti, mwangwi usirudi, na usomaji hupotea.

Hata ukiyamaliza matone, mvuke wenyewe hubadilisha kasi ya sauti. Sensa hupima joto na kukokotoa kasi kana kwamba juu ya maji kuna hewa kavu. Kwenye nyuzi 80, hewa iliyoshiba mvuke karibu nusu yake ni mvuke, ambao ni mwepesi kuliko hewa, kwa hiyo sauti hukimbia zaidi ya hesabu ile. Kosa hufika karibu asilimia 8 ya umbali. Uso wa maji ukiwa mita 1.5 chini ya sensa, itakuambia maji yako juu kwa sentimita 12 kuliko yalipo. Kwa tangi lako ningeiondoa ultrasoniki bila kusita.

Rada haina shida hiyo ya mwisho. Katika tangi lisilo na shinikizo kubwa, mvuke hauigusi kasi ya mawimbi yake kwa kiasi cha kukushughulisha. Muuzaji wako yuko sahihi hapo. Matone pia inayavumilia vizuri zaidi, hasa ikiwa uso wa antena ni wa tefloni na umechongoka ili matone yateleze, na shingo ya tangi inapokaa imefunikwa kwa kizuia joto isiwe baridi. Shida ni povu. Povu jepesi na kavu rada hulipenya na kuona maji. Povu zito lenye maji mengi huyarudisha mawimbi kutoka juu yake, au huyameza. Rada za gigahezi 80 zina mwale mwembamba unaokwepa ngazi na mabomba, lakini kwa povu zito zile za masafa ya chini hupenya vizuri zaidi. Dalili ya rada iliyodanganywa na povu ni usomaji unaopanda pampu ikiwaka na kushuka taratibu ikizimwa, ilhali maji hayajaongezwa. Tofauti hiyo ni unene wa povu lako.

Kwa hiyo, kama jaribio limeonyesha mvuke peke yake, nunua rada. Kama povu limo, ningeweka sensa ya shinikizo chini ya tangi. Yenyewe hupima uzito wa maji yaliyo juu yake, na povu halina uzito wa kutisha. Chukua povu la sentimita 40 lenye densiti ya kilo 50 kwa mita ya ujazo, ambalo ni povu zito kweli: litaongeza sentimita 2 tu kwenye usomaji.

Ila sensa hii nayo ina masharti. Usichukue ile ya kuning'iniza kwa kebo bila kusoma kikomo chake cha joto, kwani nyingi haziwezi nyuzi 80. Chukua ya kufungwa ubavuni mwa tangi, yenye kiwambo kilicho wazi kisicho na kitundu cha kuziba, sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu ili mashapo yasiifunike, na mbali na bomba linalorudisha maji. Chagua kipimo kinacholingana na tangi. Mita 3 za maji ni kama kilopaskali 30, basi sensa ya 0 hadi 40 inatosha. Kosa la asilimia 0.5 kwenye sensa hiyo ni sentimita 2. Kosa hilohilo kwenye sensa ya kilopaskali 1,000 ni nusu mita, na nimeshaona ikifungwa hivyo.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni densiti. Maji safi yana kilo 998 kwa mita ya ujazo kwenye nyuzi 20, na 972 kwenye nyuzi 80. Tuseme maji moto yamesimama mita 2.5 juu ya sensa:

```
p = 972 × 9.81 × 2.5 = 23,838 Pa
h = 23,838 / (998 × 9.81) = 2.43 m
```

Sensa iliyowekewa densiti ya maji baridi itakuficha karibu sentimita 7. Tena ukijaza tangi kwa maji baridi kisha ukayapasha, maji yatavimba na kupanda, lakini uzito ni uleule, kwa hiyo sensa haitaona chochote. Tangi linaweza kumwagika huku skrini imetulia. Pima densiti ya maji yako yenye sabuni kwa hidromita yakiwa kwenye joto la kazi, uingize namba hiyo, na uweke swichi ya kujaa inayojitegemea juu ya tangi.

Lile bomba la kupumulia nalo ulilinde. Sensa hudhani kuwa hewa ya ndani na ya nje zina shinikizo moja. Bomba likiziba, mvuke ukisukuma kwa kilopaskali 1 tu, usomaji hupanda sentimita 10. Mvuke ukipoa na kuvuta, hushuka kiasi hichohicho.

Siku mtakapolifunga tangi kabisa, mtahitaji sensa ya pili juu ili shinikizo la mvuke liondolewe kwenye hesabu. Ziwe sensa mbili zilizounganishwa kwa waya wa umeme. Mkitumia bomba jembamba kuleta shinikizo la juu hadi chini, mvuke utageuka maji humo, na kila sentimita ya maji hayo itapunguza sentimita moja kwenye usomaji wenu.