Mkeka ukichanika dakika ya 94, funga duka

Mkeka wa mechi tano, kila moja odi 1.50, unafika odi 7.59. Ukiweka mia mbili, simu inakuonyesha 1,518. Mechi nne zinaingia. Ya tano timu yako inaongoza moja bila mpaka dakika ya 94, halafu kona, kichwa, sare.

Kilichotoka mfukoni ni 200, lakini roho inalilia 1,518 kwa sababu ulishaanza kuzipangia kazi. Jirani yangu hapa Umoja alichanikiwa hivyo akahamia mechi ya laivu papo hapo: 400, kisha 800, kisha 1,600. Zote zikaenda. Mkeka wa mia mbili ukamtoa 3,000 kabla hajala chajio.

Na wala hakuonewa. Hata ukiziamini odi zenyewe, mkeka wa 7.59 huingia kama mara moja kwa kila nane. Kule kwenye laivu nako hakuna nafuu. Chukua soko lenye pande mbili, kila upande 1.90. Weka mia huku na mia kule: umetoa 200, unarudishiwa 190. Hiyo kumi ni ya kampuni, na ukipandisha dau kwa hasira, nayo inapanda.

Utajuaje mori umekupanda? Mimi huangalia swali moja: “Saa hii kuna mechi gani?” Ukilisikia kichwani, huna mechi uliyoichambua, unatafuta yoyote, hata ligi ya daraja la pili ya nchi ambayo humjui mchezaji hata mmoja.

Basi mpango wangu huanza kabla ya mpira. Kodi na stima zinalipwa kwanza, na kwenye akaunti ya kubeti inaingia pesa ya wikendi tu. Mkeka ukichanika, natoa kilichobaki kukirudisha M-Pesa, kisha natoka kwenye akaunti. Nywila haijahifadhiwa kwenye simu. Iko kwenye daftari kazini, na kazini naenda Jumatatu. Ndiyo, unaweza kuomba nyingine kwa meseji, lakini hizo dakika chache za kuhangaika mara nyingi zinatosha damu ipoe. Simu naiacha ikichaji, nashuka stegi na shilingi kidogo mkononi nile smokie pasua yenye kachumbari. Kubishana kuhusu refa pale ni bure.

Mpango huu unamfaa anayebeti na pesa yake. Ukishaanza kukopa ili urudishe iliyoliwa, nywila ya daftarini haitakuzuia. Iandikie kampuni ikufungie akaunti kabisa, futa apu, na umwambie mtu wa nyumbani deni lote ni kiasi gani, siyo nusu yake.