Retinali 0.05 dhidi ya palmitati 1: namba ya kopo inadanganya

*Daktari, miezi miwili sasa napaka usiku krimu ya retinili palmitati ya asilimia 1, kwa ajili ya mikunjo midogo na madoa ya chunusi. Haijanichubua hata kidogo. Rafiki yangu ana retinali ya 0.05 tu na uso wake umeanza kulainika. Yangu si ndiyo kali zaidi? Muuzaji mmoja wa Kadutu anataka kunichanganyia ya kuchubua haraka. – Msomaji, Bukavu*

Hapana, dada, kali ni ya rafiki yako. Asilimia hulinganishwa kwa kitu kilekile tu. Zote ni jamaa za vitamini A, na ngozi haifanyi kazi na yoyote kati yazo mpaka iigeuze kuwa asidi ya retinoiki. Retinali imebakiza hatua moja. Retinoli sharti kwanza iwe retinali, kwa hiyo ina mbili. Palmitati yako huanza kwa kutenganishwa na asidi ya mafuta iliyofungwa nayo, iwe retinoli, ndipo ifuate hizo mbili, na njiani nyingi hupotea. Tena karibu nusu ya uzito wake ni hayo mafuta: asilimia 1 yako ni retinoli 0.55 hivi kabla haijageuzwa chochote.

Ndiyo maana palmitati ni pole na ni dhaifu kwa mikunjo. Retinoli ya 0.3 huhitaji wiki 12 au zaidi. Retinali kwa kawaida hutangulia.

Kinachonichosha ni huku kudhani kuchubuka ndiyo kazi. Katika jaribio lililochapishwa 1998, retinali 0.05 na asidi ya retinoiki 0.05 zote mbili zilipunguza mikunjo, lakini retinali haikuwasha sana kama mwenzake, na matokeo yakapatikana. Kwa ngozi nyeusi mwasho huacha doa jeusi kuliko lile ulilokuja kuliondoa.

Chukua retinali 0.05, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mbili kwa wiki, na baada ya mwezi usiku mmoja upake, mmoja uache. Uso ukiwaka mpaka kesho yake, pumzika mpaka utulie. Asubuhi paka kinga ya jua ya 30 au zaidi: baridi ya Bukavu isikupumbaze, tuko zaidi ya mita 1,400 juu na karibu na ikweta. Ukiwa na mimba au ukiitafuta, acha zote tatu.

Huyo wa Kadutu mkatae. Michanganyiko ya namna hiyo mara nyingi ina klobetasoli, ambayo ni steroidi kali, na hidrokwinoni ya kung'arisha ngozi. Siku chache uso hung'aa, kwa kuwa klobetasoli huzima uvimbe na wekundu; baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi hujaa, na ukiiacha ghafla uso huwaka moto. Wanaoniletea makopo hayo, hayana orodha ya viambato, nami hubaki kukisia ni dawa gani nianze kuwapunguzia.