Mwaka wa sensa na mwaka wa chapisho

"Chini ya jedwali la watu wa Kigoma nimeandika 'Chanzo: Sensa 2012', msimamizi amelikataa. Nirekebisheje?"

Ndugu yangu, 2012 ni mwaka watu walipohesabiwa, ilhali ripoti ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala ilichapishwa 2013, na marejeo hufuata mwaka wa chapisho. Mwaka wa sensa uweke kwenye kichwa cha jedwali: "Idadi ya watu, Mkoa wa Kigoma, 2012". Chini yake andika: "Chanzo: NBS na OCGS (2013), Jedwali namba fulani, uk. fulani", ukinakili namba ya jedwali kutoka kwenye ripoti yenyewe, kwa kuwa namba uliyolipa jedwali lako haimfikishi msomaji kokote. Usiiache OCGS, ofisi ya takwimu ya Zanzibar, ukabaki na NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, peke yake, kwani ripoti ni ya ofisi zote mbili.

Ukilinganisha watu 2,127,930 wa 2012 na 2,470,967 wa 2022, kila namba itajiwe ripoti yake. Ongezeko la takribani asilimia 1.5 kwa mwaka, ukilikokotoa mwenyewe, liandikie "hesabu ya mwandishi kutokana na" majedwali hayo mawili, maana msomaji akilitafuta humo kama lilivyo, atadhani umelibuni.