Zabuni ya kusafirisha korosho: kabla ya kuandika bei, hesabu siku ambazo gari litasimama

Minada ya korosho Mtwara na Lindi huanza Oktoba, na kabla yake vyama vikuu vya ushirika hubandika matangazo ya kuwaalika wasafirishaji. Maneno hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka: kampuni zenye sifa zinaombwa kuleta zabuni za kubeba korosho ghafi kutoka maghala ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya wakulima, vijijini kwenda maghala makuu, kwa msimu mmoja. Korosho inauzwa kwa mnada chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo isipofika ghala kuu haijafika sokoni. Nyuma ya tangazo kuna jedwali la njia: jina la AMCOS, jina la ghala, umbali kwa kilomita, na nafasi tupu ya kuandika bei kwa kilo.

Nimejaza majedwali hayo kwa misimu kadhaa na nimewasaidia wenzangu kujaza ya kwao. Wengi wanapopotea ni palepale penye ile safu ya kilomita. Mtu anaona kilomita 70, anapiga hesabu ya mafuta, anaongeza posho ya dereva na utingo, anaweka faida kidogo, anaandika bei. Gari la korosho halimalizwi na kilomita. Linamalizwa na kusimama.

Tuchukue fuso moja inayobeba tani 10, yaani kama magunia 125 ya kilo 80. Njia ni kilomita 70 kwenda, na kurudi gari ni tupu. Takwimu hizi nimezikadiria ili hesabu iwe nyepesi, wewe weka za kwako. Kwa barabara yenye mchanga na vilima, safari nzima inakula dizeli lita 50. Lita ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni 150,000. Halafu kuna gharama ya kila siku, gari litembee lisitembee: mshahara na posho za watu wawili, rejesho la benki, bima, na fedha ya kutenga kwa matairi na matengenezo. Tuseme 120,000 kwa siku. Ukiandika shilingi 40 kwa kilo, safari inakuingizia 400,000. Ukitoa mafuta na siku moja ya gari, unabaki na 130,000. Inapendeza.

Sasa twende ghalani katikati ya Novemba. Wakulima wote wameleta korosho kwa wakati mmoja. Ghala limejaa kwa sababu wanunuzi wa mnada uliopita hawajamaliza kuondoa mzigo wao, na malori yao yanatumia lango lilelile unalosubiri wewe kuingilia. Madereva wamewasha majiko chini ya bodi wanapika ugali, na foleni imefika barabarani. Gari lililopakia Jumatatu asubuhi linashusha Jumatano jioni. Safari ya siku moja imekuwa ya siku tatu: mafuta ni yaleyale 150,000, lakini siku za gari ni 360,000. Jumla 510,000. Kwa mzigo wa tani 10, bei ya kurudisha gharama tu, bila hata senti ya faida, ni shilingi 51 kwa kilo. Na kama AMCOS haikuwa na mzigo wa kutosha ukaondoka na tani 8, inakuwa karibu shilingi 64. Yule aliyeandika 40 atapeleka kila gunia kwa hasara, na kwa mkataba aliotia saini hana ruhusa ya kuacha njiani.

Usijaribu kuziba pengo hilo kwa kuzidisha mzigo. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, gari la ekseli mbili halitakiwi kuzidi tani 18, gari na mzigo kwa pamoja. Toa uzito wa gari lako likiwa tupu, angalia na kiwango cha mtengenezaji, kinachobaki ndicho cha kuandika kwenye hesabu.

Swali linakuwa: siku hizo utazijuaje kabla msimu haujaanza? Nenda kwenye AMCOS zilizo kwenye loti unayoitaka, yaani fungu la njia unaloomba, mwombe katibu au meneja akuonyeshe hati za kupelekea mzigo za msimu uliopita. Kila hati ina tarehe ya kupakia, na ghala linapopokea linaandika tarehe yake na kugonga muhuri. Weka tarehe hizo mbili sambamba kwa hati ishirini au thelathini za Oktoba, Novemba na Desemba. Ndani ya saa moja utaona mambo ambayo jedwali la kilomita halikuambii. Njia ya kilomita 25 yaweza kuwa inaishia ghala lenye foleni ya siku tatu, na ya kilomita 90 inaishia ghala ambako gari hushusha siku hiyohiyo. Hiyo ya mbali ndiyo loti nzuri, na mara nyingi wenzako wanaiogopa. Ukiwa hapo, uliza pia kuhusu magunia. Yapo majuma ambayo korosho ipo, gari lipo, na magunia hayajaletwa.

Angalia pia miezi. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba. Njia ambayo fuso inapita vizuri Oktoba inaweza kukataa mwishoni mwa Desemba, hasa kwenye miteremko ya uwanda wa Wamakonde upande wa Newala na Tandahimba. Bei unayoandika ni moja kwa msimu wote, kwa hiyo iandike ukiwa umeiwazia barabara ya Desemba.

Jambo la pili ni kifungu cha upungufu wa uzito. Kwenye mikataba mingi niliyoisoma, kilo zitakazopungua kati ya AMCOS na ghala kuu zinakatwa kwenye malipo ya msafirishaji, kwa bei ya korosho na si kwa bei ya usafiri. Hebu pima uzito wa maneno hayo. Minada ya msimu wa 2024/2025 ilifunguliwa kwa bei ya juu iliyovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, mzigo wa kilo 10,000 ukipungua kilo 60 tu, unadaiwa 240,000 katika safari iliyokuingizia 400,000. Na kilo 60 si lazima ziwe zimeibwa. Korosho isiyokauka vizuri hupoteza maji ikisubiri juani kwenye foleni, na mizani ya kijijini na ya ghalani zinaweza kutofautiana.

Kwa hiyo tafuta kwenye nyaraka za zabuni asilimia ya unyaufu inayoruhusiwa. Kama haijaandikwa, iulize kwa barua kabla ya siku ya kufunga, na jibu lije kwa maandishi. Kisha mfundishe dereva wako. Asikubali kuambiwa "yako mia na ishirini na tano, tia saini." Ahesabu magunia yakiwa yanapanda, aone stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani, achague magunia kumi ya kupimwa upya mbele ya katibu, na akatae gunia lenye tundu au lililoshonwa kwa kamba tatu. Kama korosho ina unyevu mkononi, aandike hivyo kwenye hati kabla ya kusaini. Sentensi moja aliyoiandika dereva pale kijijini imewahi kutuondolea deni ambalo barua tatu za baadaye zisingeliondoa.

Hapohapo kuna suala la mzigo unaokataliwa. Ghala kuu hukagua ubora, na korosho mbichi au chafu inaweza kuagizwa irudi ilikotoka ikaanikwe na kuchambuliwa. Nani analipa safari ya kurudi? Nani analipa ya kuileta tena? Nimeona matangazo yasiyogusia kabisa, na yakinyamaza, anayeumia ni mwenye gari. Uliza katika barua ileile. Uliza pia nani anawalipa makuli wa kupakia na kushusha, kama bei inahesabiwa pamoja na VAT, na kama kuna malipo yoyote gari likikaa foleni zaidi ya siku fulani. Hilo la mwisho vyama vingi havitakubali, lakini ukiuliza wanajua kwamba umeiona foleni.

Kuhusu viambatanisho sitasema mengi kwa sababu tangazo lenyewe huvitaja: leseni ya biashara, TIN, uthibitisho wa kodi, kadi za magari, leseni ya LATRA, bima. Simama kidogo kwenye bima tu. Bima ndogo ni ya wengine unaoweza kuwadhuru barabarani. Bima kubwa inaongeza gari lako. Zote mbili hazigusi korosho iliyo juu ya gari. Fuso ikipinduka na tani 10, kwa bei ile ya shilingi 4,000 umemwaga mali ya milioni 40. Bima ya mzigo safarini inakatwa peke yake, na gharama yake iingie kwenye zile 120,000 za kila siku.

Malipo nayo yana mwendo wake. Gharama za usafirishaji ni sehemu ya makato ya mkulima, hivyo chama kinakuwa na fedha ya kukulipa baada ya korosho kuuzwa na mnunuzi kulipa. Mzigo ulioushusha leo unaweza kusubiri mnada, kisha ukasubiri malipo ya mnunuzi, kisha uhakiki wa hati zako. Tuseme una magari manne, kila moja linakwenda safari mbili kwa wiki. Mafuta peke yake ni milioni 1.2 kwa wiki. Kusubiri wiki sita ni milioni 7.2 kutoka mfukoni, kabla ya posho na tairi lililopasuka. Kama huna hizo, omba loti ndogo ya gari mbili. Ukikopa kwa riba ya mtaani ili uendeshe loti kubwa, ile faida yote ya msimu inakwenda kwa mkopeshaji.

Mwisho, zabuni zikishafunguliwa, usishangae kuitwa kwenye majadiliano. Bodi ya chama itakuonyesha bei ya mwombaji mwingine na kukuuliza kama unaweza kushuka. Ingia na karatasi yako yenye bei ya chini kabisa kwa kila njia, uliyoipata kwa siku za gari na si kwa kilomita. Njia yenye ghala linaloshusha haraka unaweza kushuka shilingi tatu, nne. Yenye foleni, waonyeshe tarehe ulizonakili kwenye hati zao wenyewe, na wakisisitiza shilingi 40, waachie njia hiyo na uchukue nyingine.