Pima ya mikono haikudai kimo

Swali: Daktari, nina miaka 24, mwanamume. Kimo changu ni sentimita 172, lakini mikono nikiinyoosha inafika 179. Muuzaji wa vidonge vya kurefusha mwili ananiambia hizo 7 ndizo kimo changu kilichobaki. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, mwanangu, na usimpe hata senti. Mfupa hurefuka kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake, na kwa umri wako gegedu hilo huwa limekwisha kugeuka mfupa mtupu. Hakuna kidonge kinacholirudisha.

Wauzaji hawa wameokota nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kwa mtu mzima pima, yaani ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya mwenzake, hukaribia kimo. Lakini kukaribia si kulingana. Mtoto mdogo pima yake ni fupi kuliko kimo; vinakutana anapokaribia kubalehe, kisha kwa wanaume wengi, hasa wenye asili ya Afrika, mikono huzidi kwa sentimita kadhaa na hubaki hivyo.

Rudia kipimo kwanza. Egemea ukuta, mikono usawa wa mabega, viganja vikitazama mbele, mtu mwingine atie alama kwenye ukuta pande zote mbili. Utepe ukipitishwa juu ya kifua hufuata mviringo wa mwili na kuongeza sentimita za uongo. Kimo nacho kipime asubuhi bila viatu, maana jioni hupungua kidogo.

Ukipata namba zilezile, 179 gawanya kwa 172 ni 1.04. Sisi huanza kuangalia zaidi inapopita 1.05, na hata hapo namba hiyo peke yake si ugonjwa. Kwa sindromu ya Marfan, kwa mfano, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha tishu zinazoshikilia mwili, hutazama pia vidole, kifua, lenzi za macho na mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni.

Kinachoniuma ni wazee wanaouziwa vidonge hivyohivyo. Nilimpokea mama wa miaka 68, kimo 154, pima 161. Tofauti ni ile yako, maana yake ni nyingine kabisa. Ujanani alikuwa na sentimita 160. Mifupa ya mikono haifupiki kwa uzee. Uti wa mgongo ndio unaofupika. Alikuwa amemeza vidonge miezi minne huku mgongo ukimuuma, na eksirei ikaonyesha pingili mbili zimebonyea kwa sababu mifupa imepungua uzito. Tiba yake ipo, na miezi ile minne ilipotea bure.

Kwa hiyo mzee wako akianza kuinama, au amepungua sentimita 4 au zaidi kutoka kimo chake cha ujana, apigwe eksirei ya mgongo. Kama hakumbuki alikuwa na kimo gani, mpime mikono: pima yake itakukadiria tu kimo cha ujana.