Mwongozo usiomdharau msomaji: neno "rahisi" lilivyoniaibisha Marikiti

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuandika kijitabu cha maelekezo cha mizani ya dijitali, ile ya mezani ya kilo 30 ambayo wauza nafaka na wenye bucha wanaipenda. Aliyenipa kazi ana duka la vifaa vya umeme pale barabara ya Luthuli, Nairobi, na mizani hizo anaziagiza kutoka nje. Alinipa kijitabu cha kiwandani cha Kiingereza akasema, "Bosi, niwekee Kiswahili ambacho mtu wa soko ataelewa."

Kile cha Kiingereza kilijaa maneno ya kubembeleza. Ukurasa huu ni rahisi, unaofuata hauna utata, mwingine hautoi mtu jasho, na mbele kabisa kuna "hatua za msingi". Yote nikayapokea kama yalivyo. Kwa kupima kitu ndani ya chombo, ambapo kitufe cha TARE huondoa uzito wa chombo, niliandika hivi:

> Kupima kwa kutumia bakuli ni rahisi. Weka bakuli juu ya mizani, bonyeza TARE tu, kisha upime.

Nilijipongeza. Mistari miwili, Kiswahili safi, nani atashindwa?

Nikabeba mizani na karatasi yangu hadi soko la Wakulima, Marikiti, kwa mama mmoja anayeuza maharagwe. Nilimwomba asome na afanye kama karatasi inavyosema, mimi nikakaa pembeni kimya. Alisoma mara mbili. Akachukua bakuli lake la plastiki, akalijaza maharagwe, akaliweka juu ya mizani. Skrini ikaonyesha 1.340. Akabonyeza TARE. Skrini ikarudi 0.000.

"Wee! Imekula maharagwe yangu," akasema. Akainua bakuli haraka, na skrini ikaandika -1.340. Hapo akarudisha bakuli chini, akafuta mikono kwa leso, akaniangalia. "Pole, kijana wangu. Mimi sikusoma sana."

Hilo "pole" ndilo lililonikaa kichwani hadi nyumbani. Mama huyu alifuata nilichoandika, neno kwa neno. Sikuwa nimesema bakuli liwe tupu. Sikuwa nimesema skrini itaonyesha nini. Lakini kwa sababu nilitangulia kumwambia kazi ni rahisi, kosa lilipotokea alilitafuta ndani yake mwenyewe. Kama kazi ni rahisi na mimi nimeshindwa, basi mimi ndiye mjinga: hesabu hiyo mtu huifanya kabla hata ya kuangalia karatasi upya.

Mwongozo wa uandishi ambao Google huwapa waandishi wa nyaraka zake za kiufundi unashauri neno "rahisi" liondolewe inapowezekana, kwa hoja kwamba kilicho rahisi kwako huenda si rahisi kwa mwingine. Nakubali. Lakini kufuta peke yake hakukutosha kwangu, kwa sababu nilipofuta "ni rahisi" na lile "tu", sentensi iliyobaki bado ilikuwa imeficha mambo mawili ambayo mama hakuyajua. "Rahisi" ilikuwa imekaa mahali pa maelezo. Nilikuwa mvivu, nikaweka sifa pale palipohitaji hatua.

Tangu siku ile nikiona neno la aina hiyo kwenye rasimu yangu, najiuliza linamsifu nani au nini. Maneno haya huonekana ndugu lakini kila moja lina kazi yake.

"Rahisi" linapima mtu. Linasema nguvu na akili atakazotumia msomaji ni kidogo, jambo ambalo mwandishi hawezi kulijua. Halafu kwetu sokoni "rahisi" ni bei. Nilipoandika "mizani rahisi" kwenye rasimu ya boksi, mwenye duka alinipigia simu akiwa moto: "Unawaambia watu mali yangu ni ya bei ya chini?" Alikuwa na haki.

"Sahili" linapima kitu chenyewe. Waliopita darasa la Kiswahili Kenya wanakumbuka sentensi sahili: ina kitenzi kimoja, haijaunganishwa na nyingine. Kitu sahili kina sehemu chache. Na kitu sahili kinaweza kuwa kigumu: kubeba gunia la kilo 90 mgongoni ni tendo moja tu, muulize mchukuzi yeyote wa pale Marikiti kama ni rahisi. Neno lenyewe siliweki kwenye kijitabu, maana nje ya sarufi wengi hawalisemi, ila wazo lake nalipenda kwa sababu linahesabika. Badala ya kusema utaratibu ni sahili, naandika "Kuna hatua 4." Msomaji ataamua mwenyewe kama nne ni chache.

"Bila jasho", "bila shida", "kwa wepesi" ni maneno ya matangazo. Yaende kwenye bango. Ndani ya kijitabu, mtu amekwisha kununua. Hana haja ya kushawishiwa, ana haja ya mizani ipime. Kama kuna jasho lililopunguzwa, taja lililopunguza: "Huhitaji kutoa uzito wa bakuli kwa hesabu, mizani inautoa."

"Moja kwa moja" lilinitesa kuliko yote. Nilitaka kusema utaratibu umenyooka, hauna njia panda. Kisha nikalitumia tena kwenye sehemu ya betri: "Betri ikiisha, mizani itazima moja kwa moja." Mwenye bucha mmoja alisoma hapo akacheka, akauliza, "Ikizima moja kwa moja, nanunua nyingine?" Kwake yeye, kama kwa wengi wetu, kwenda moja kwa moja ni kwenda bila kurudi. Sasa pameandikwa: "Betri ikiisha, mizani itajizima. Ukiichaji utaiwasha tena." Na pale nilipotaka kusema njia haina matawi, nimeandika "Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Hakuna pa kuchagua."

Kisha kuna "ya msingi". Hili nalionea wasiwasi wa aina mbili. Kwanza linanuka shule: mtu mzima wa miaka hamsini akiambiwa haya ni mafunzo ya msingi, anasikia darasa la kwanza na kiboko. Pili, kijitabu cha kiwandani kilikuwa kimeweka urekebishaji wa vipimo, ule wa kitufe cha CAL, chini ya kichwa hicho hicho cha mambo ya msingi. Kwetu Kenya mizani ya kuuzia hukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa serikali wa vipimo na mizani, na si kazi ya mwenye kioski kuichezea vipimo vyake. Neno la kumtia moyo mtu lilikuwa linampeleka kwenye matatizo. Sehemu hiyo nimeibadilisha kabisa: "Usiguse CAL. Ukihisi mizani inadanganya, weka juu yake jiwe la mizani la kilo 1. Isiposoma 1.000, mwite fundi mwenye leseni." Kichwa cha mambo ya mwanzo sasa ni "Kabla ya kupima", basi.

Turudi kwenye bakuli, maana huko ndiko kazi yote ilikokuwa. Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya pili:

> Kupima kitu ndani ya bakuli
>
> 1. Hakikisha hakuna kitu juu ya mizani. Skrini ionyeshe 0.000.
> 2. Weka bakuli tupu. Skrini itaonyesha uzito wa bakuli, kwa mfano 0.340.
> 3. Bonyeza TARE mara moja. Skrini itarudi 0.000.
> 4. Mimina maharagwe ndani ya bakuli. Skrini itaonyesha uzito wa maharagwe peke yake.
>
> Ukiondoa bakuli, skrini itaonyesha -0.340. Mizani haijaharibika, inakumbuka bakuli lako. Kuifanya isahau, acha mizani ikiwa haina kitu juu, kisha bonyeza TARE tena.

Ni ndefu zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza, na hakuna mahali imesema lolote kuhusu urahisi. Kila hatua ina tendo moja na kinachoonekana baada yake, hivyo aliyekosea hatua ya pili anajua hapo hapo, kabla ya maharagwe. Ile namba yenye alama ya kutoa ndiyo inayowatisha watu kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nimeitaja kabla haijawatisha. Kitu kimoja nilikisahau hata hapo: zile kilo 30 zinahesabu na chombo. Ukitumia kreti ya kilo 2, zimebaki 28 za mzigo, ingawa skrini inasoma 0.000. Mwuza viazi ndiye aliyenifumbua macho, na sentensi yake ikaongezwa.

Upande wa pili kuna shimo pia. Baada ya aibu ya Marikiti niliandika rasimu moja iliyojaa "usiogope", "usijali", "hata kama hujawahi kushika mizani". Dada yangu aliisoma akasema inamwongelesha kama mgonjwa. Vilevile nilikuwa na ile "ka-" ya udogo ya Nairobi: "bonyeza kale kakitufe". Mdomoni ni utani, kwenye karatasi ni kumwinamia mtu mfupi. Na "hata mtoto anaweza" sitaki hata kuijadili.

Kama hatua ni ngumu, naiandika ni ngumu. Mizani ikiegemea upande haisomi sawa, kwa hiyo kuna kiputo cha hewa cha kusawazishia, na kuzungusha miguu minne hadi kiputo kikae katikati ya duara kunawachukua watu muda. Nimeandika: "Huenda ukarudia mara tatu au nne. Zungusha mguu mmoja kidogo, tazama kiputo, kisha nenda kwa mwingine." Hakuna aliyenung'unikia sentensi hiyo.

"Rahisi" sijaifukuza kabisa. Nimeiacha mahali pamoja, pale msomaji anapochagua kati ya vitu viwili na sababu iko wazi: "Sahani ya chuma ni rahisi kuosha kuliko ya plastiki, kwa sababu mafuta ya nyama hayagandi sana juu yake." Hapo linalinganisha sahani na sahani. Mtu hajapimwa.

Nilirudi Marikiti na karatasi mpya. Mama alisoma, akaweka bakuli tupu, akaiona 0.340, akabonyeza, akamimina. Alipoinua bakuli na -0.340 ikatokea, aliangalia karatasi, si mimi. "Ah, inalikumbuka," akasema, akaendelea kumhudumia mteja.

Mwenye duka bado anataka boksi liandikwe "Rahisi kutumia!" na alama ya mshangao. Tumebishana wiki mbili. Kwa sasa tumekubaliana juu ya "Inatoa uzito wa chombo yenyewe", ingawa ameniambia mzigo ujao ukija tutaongea tena.