Kupima Mto Karanga na wanafunzi: andikeni kila kipimo, msiandike wastani

Mara ya kwanza nilipowapeleka Kidato cha Tatu Mto Karanga, hapa Moshi, karatasi yangu ya takwimu ilikuwa na visanduku vitatu tu: upana, kina na kasi. Vikundi vikajaza wastani. Darasani tukakuta kikundi kimoja kimewazidi wenzao kwa karibu theluthi, ilhali wote walipima sehemu ileile. Kosa lilikuwa wapi? Hatukuweza kujua, maana vipimo vyenyewe havikuandikwa popote.

Siku hizi kila kipimo kina kisanduku chake, na pembeni kuna nafasi ya maelezo. Tunavusha kamba kutoka ukingo hadi ukingo na kupima kina kwa rula kila mita moja. Kisha tunaachia chungwa lielee mita 10, mara nne, huku mmoja akitazama saa. Nachagua chungwa kwa sababu sehemu kubwa yake huzama, hivyo upepo haulisukumi.

Tuchukue mto wa upana wa mita 4, wenye vina vya mita 0.18, 0.30 na 0.22. Wanafunzi wengi hujumlisha, hugawa kwa 3 na kuzidisha kwa upana, wakapata eneo la mita za mraba 0.93. Lakini kingoni kina ni sifuri, na vipande vya mto ni vinne. Gawa kwa 4, kisha zidisha kwa upana: 0.70. Hapo ndipo ile theluthi hutokea.

Chungwa nalo likatumia sekunde 19, 21, 35 na 20. Kwenye maelezo imeandikwa "lilinasa kwenye jiwe", kwa hiyo 35 inaachwa kwa sababu inayojulikana. Wastani ni sekunde 20, yaani mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi tunazidisha kwa 0.85. Kasi hiyo mara eneo la 0.70, mtiririko unakuwa kama mita za ujazo 0.30 kwa sekunde.

Kuhusu usalama, barua za wazazi na orodha ya majina ni lazima, ila kinachonitia hofu ni mlima. Mvua inaweza kunyesha msituni juu huku Moshi kuna jua, na mto ukajaa ghafla. Masika siendi kabisa. Siku nyingine, mwalimu mmoja husimama upande wa juu na filimbi, na tunachomeka kijiti chenye alama ukingoni. Maji yakipita alama, yakigeuka tope au yakileta majani na vijiti, wote wanatoka bila kumaliza kipimo. Panapofika juu ya goti la mwanafunzi mfupi kuliko wote, hatuingii.

Ripoti naitaka ndani ya wiki, kurasa mbili, na karatasi ya mtoni ikibandikwa nyuma, hata ikiwa na matope. Alama nyingi natoa kwenye sehemu ya kasoro. Aliyeandika "vifaa havikutosha" namrudishia. Aliyeeleza kwa nini sekunde 35 ziliachwa, na mtiririko ungekuwa kiasi gani zingehesabiwa, huyo nampa alama zake zote.